Kudai Ardhi Uliyoikalia kwa Miongo: Namna ya Kujenga na Kuthibitisha Dai la Umiliki Kinzani nchini Kenya

Familia nyingi za pwani ya Kenya, na za bara pia, huishi kwenye ardhi ambayo hati yake ina jina la mtu mwingine. Zimezaa hapo, zimezika hapo, na minazi iliyopandwa na babu sasa inavunwa na wajukuu. Siku mnunuzi mpya anapofika na hati yake mkononi, neno la kwanza ambalo familia husema ni kwamba imekaa miaka arobaini. Neno hilo ni kweli, lakini peke yake halishindi kesi. Sheria haimpi mtu ardhi kwa sababu ya urefu wa ukaaji, bali kwa sababu ardhi ya mwenye hati iliingia mikononi mwa mtu asiye na ruhusa yake, kisha akanyamaza kwa miaka 12. Mwongozo huu unaeleza jinsi dai la namna hiyo, ambalo nitaliita umiliki kinzani, linavyoandaliwa na kuthibitishwa chini ya sheria ya Kenya. Msomaji wa Tanzania asiuchukue kama ulivyo, kwa kuwa mahakama za huko zina masharti yao na huyasimamia kwa ukali zaidi.

Sheria inasema nini hasa

Msingi wake ni Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 22. Kifungu cha 7 kinamzuia mwenye ardhi kufungua kesi ya kuirudisha baada ya miaka 12 tangu haki yake ya kushtaki ilipozaliwa. Kifungu cha 13 kinaeleza kwamba haki hiyo haizaliwi mpaka ardhi iwe mikononi mwa mtu ambaye muda unaweza kuhesabiwa kwa manufaa yake. Kifungu cha 38 ndicho kinachompa mkaaji njia ya kwenda mahakamani kuomba asajiliwe mahali pa yule ambaye jina lake liko kwenye rejista. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa iliyoketi Malindi iliulizwa iwapo utaratibu huu unapingana na Katiba ya 2010, inayolinda mali ya kila mtu, nayo ikajibu kwamba haupingani nayo.

Maneno ambayo majaji huyarudia ni matatu: bila nguvu, bila siri, bila ruhusa. Katika kesi ya Kasuve dhidi ya Mwaani Investments, iliyoamuliwa mwaka 2004, Mahakama ya Rufaa ilieleza kwamba mdai lazima athibitishe kuwa ameimiliki ardhi peke yake, waziwazi na bila kukatizwa kwa miaka 12, ama baada ya kumwondoa mwenyewe, ama baada ya mwenyewe kuiacha kwa hiari yake. Kati ya hayo yote, ruhusa ndiyo inayoangusha madai mengi, na ndiyo nitakayokaa nayo kwa muda mrefu zaidi.

Hatua ya kwanza: chunguza rejista kabla ya kuandika neno lolote

Nenda kwenye ofisi ya usajili wa ardhi inayohusika ukafanye sachi rasmi. Sachi hukuonyesha mwenye hati wa leo na mizigo iliyo juu ya ardhi, lakini haikuonyeshi historia. Kwa hiyo omba pia nakala iliyothibitishwa ya rejista yenyewe, ile inayojulikana kama kadi ya kijani, ambayo huonyesha rejista ilifunguliwa lini, nani alisajiliwa kwanza, na ardhi ilihama kwa nani na mwaka gani.

Kuna mambo mawili ya kutafuta humo. La kwanza ni kama ardhi hiyo ni ya umma. Kifungu cha 41 kimeitoa ardhi ya serikali nje ya utaratibu huu, na hata ukikaa juu yake miaka mia moja muda hauhesabiki. Ardhi ya mpango wa makazi ambayo bado ina deni la serikali nayo ni ya kutahadhari, kwa sababu mahakama zimekuwa zikishikilia kwamba muda hauanzi kuhesabiwa mpaka deni lilipwe na ardhi iachiliwe.

La pili ni tarehe ambayo ardhi ilisajiliwa kwa mara ya kwanza kuwa mali ya mtu binafsi. Familia inaweza kuwa imeingia mwaka 1962, lakini ikiwa ardhi ilikuwa chini ya udhamini wa baraza la wilaya na hati ya mtu binafsi ikatolewa mwaka 1988, hesabu iliyo salama huanza mwaka 1988. Hakuna hasara kubwa hapo, kwa kuwa miaka 12 baada ya 1988 ilishapita zamani. Hasara huja pale mdai anapoapa tarehe ambayo wakili wa upande wa pili ataivunja kwa ukurasa mmoja wa rejista, kisha jaji akaanza kuyatilia shaka mengine yote aliyoyaapa.

Hatua ya pili: jiulize uliingiaje, na ujibu kwa ukweli

Mtu aliyeingia kwa ruhusa hana dai mpaka ruhusa ile ikome. Mpangaji, mlinzi wa shamba, ndugu aliyekaribishwa na ndugu yake, na mnunuzi aliyeruhusiwa kuingia huku akimalizia malipo, wote hao wamo kwa idhini ya mwenye ardhi. Mombasa na miji mingine ya pwani ina desturi ya nyumba bila ardhi, ambapo mtu humiliki nyumba huku akilipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi. Mlipaji wa kodi hiyo anamtambua mwenye ardhi kila anapopokea risiti yake, na risiti hizo zikiwekwa mezani mahakamani kesi huwa imekwisha.

Lakini ruhusa hukoma, na kazi ya mdai ni kuitafuta siku iliyokoma. Kwa mnunuzi, mahakama zimeweka njia mbili. Kesi ya Wambugu dhidi ya Njuguna ya 1983 ilishikilia kwamba aliyeingia kwa makubaliano ya mauzo huanza kuhesabiwa muda baada ya kulipa sehemu ya mwisho ya bei, au baada ya makubaliano kuvunjwa. Ikiwa ni ardhi ya kilimo inayohitaji kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, na kibali hakikuombwa ndani ya miezi sita, makubaliano hubatilika, na uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa 2007 unaeleza kwamba ruhusa ya kukaa humo hukatika nayo. Kwa mlinzi au mgeni, tafuta siku mwenye ardhi alipomwambia aondoke naye akakataa.

Hapa ndipo watu wengi hujidhuru. Familia iliyopokea barua ya kufukuzwa miaka ishirini iliyopita huificha kwa hofu, ikidhani kwamba ni silaha ya adui. Mara nyingi ndiyo karatasi yao yenye thamani kuliko zote. Barua hiyo inaonyesha kwamba mwenye ardhi alijua kuwa wako hapo, na kwamba kuanzia tarehe iliyoandikwa juu yake hakuwaruhusu tena. Wala haikusimamisha muda. Katika kesi ya Githu dhidi ya Ndeete ya 1984, Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba muda hukatika mwenye ardhi anapofungua kesi au anapoingia kwenye ardhi kikwelikweli, au mkaaji anapoikubali haki yake. Notisi ya kumtaka mtu aondoke haitoshi.

Karatasi ya kuogopwa ni ile ambayo familia yenyewe iliiandika. Barua iliyotiwa saini na mkaaji kabla ya miaka 12 kutimia, akimwomba mwenye hati amuuzie au amvumilie kidogo, ni kukiri kwamba ardhi ni ya mwenzake, na hesabu huanza upya kutoka siku hiyo. Mwulize kila mzee wa nyumba kama barua ya namna hiyo iliwahi kuandikwa, kabla ya upande wa pili kukuonyesha.

Mfano mmoja, tangu mwanzo

Tuchukue mfano wa kubuni ulioko kaunti ya Kilifi. Shamba lina ukubwa wa eka 12. Mwaka 1983 mzee mmoja aliajiriwa na mwenye shamba kulinda minazi, akapewa nafasi ya kujenga nyumba ya udongo. Mwaka 1990 mshahara ulikatika. Agosti 1994 mtoto wa mwenye shamba alifika na barua ya kuwataka waondoke ndani ya siku 30. Mzee alikataa, na mwaka uliofuata akajenga nyumba ya mawe, akazungusha ua na kupanda miembe na mikorosho. Hakuna aliyerudi. Mzee alifariki mwaka 2003 na mjane wake akaendelea kukaa na kulima. Mwaka 2019 shamba zima liliuzwa kwa kampuni, na mwaka 2021 kampuni ikaleta notisi.

Watoto wanataka kuapa kwamba wamekaa tangu 1983. Wakifanya hivyo watashindwa, kwa sababu miaka kuanzia 1983 ni ya mwajiriwa. Mwaka 1990 unavutia, lakini kukatika kwa mshahara pekee hakumwambii jaji kwamba ruhusa ilikatika. Tarehe iliyo imara ni Agosti 1994, kwa kuwa ina barua upande mmoja na ua na nyumba ya mawe upande wa pili. Miaka 12 ilitimia Agosti 2006.

Mzee, hata hivyo, alifariki mwaka 2003, yaani mwaka wa tisa. Je, hesabu ilivunjika? Haikuvunjika, kwa sababu mjane alipokea ukaaji siku ileile bila pengo, na miaka ya wakaaji wanaofuatana huunganishwa. Akitaka kutegemea miaka ya mumewe kwa niaba ya mirathi, ni lazima kwanza apate barua za usimamizi wa mirathi. Anaweza pia kudai kwa ukaaji wake mwenyewe tangu 2003, ambao ulitimiza miaka 12 mwaka 2015, bado kabla ya mauzo. Wakili mwangalifu ataziandika hesabu zote mbili, ya pili ikiwa badala ya ya kwanza.

Kampuni nayo itasema kwamba ilinunua kwa bei kamili, na kwamba sachi yake ilikuwa safi. Jibu liko katika kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kinachozitaja haki zilizopatikana au zinazoendelea kupatikana kwa sheria ya ukomo kuwa miongoni mwa zile zinazoifuata ardhi hata kama hazimo kwenye rejista. Kubadilika kwa jina la mwenye hati hakukatizi muda.

Hatua ya tatu: pima ardhi unayoikalia

Familia hii husema inakalia eka nne. Savea mwenye leseni akiingia na vyombo vyake, akafuata ua, mistari ya miti na mwisho wa shamba linalolimwa, huenda akapata eka 2.9. Dai liandikwe eka 2.9. Upande uliobaki ni kichaka ambacho mbuzi wao hupita, na kupitisha mifugo au kuokota kuni si kumiliki.

Mahakama ya Rufaa imetupilia mbali dai la zaidi ya watu mia moja waliokaa kwenye shamba moja huko pwani, kwa sababu, pamoja na mengine, sehemu aliyoikalia kila mmoja haikuonyeshwa bayana. Utambulisho wa ardhi ni sehemu ya uthibitisho wenyewe, maana amri isiyo na mipaka haiwezi kutekelezwa na msajili. Ripoti ya savea iwe na mchoro unaoonyesha nambari ya kiwanja, mahali sehemu inayodaiwa ilipo ndani ya kiwanja hicho, vipimo vya pembe zake, ukubwa, na vitu vilivyokutwa humo: nyumba, kisima, makaburi, miti. Wakidai watu wengi, kila boma liwe na kipande chake kwenye mchoro.

Hatua ya nne: kusanya ushahidi wa kila kipindi

Kosa la kawaida hapa ni kuleta rundo la picha zilizopigwa wiki iliyopita. Picha hizo zinaonyesha mwaka huu tu. Ushahidi unatakiwa kuujaza mstari wa muda kuanzia tarehe ya mwanzo hadi tarehe ya kufungua kesi, bila pengo ambalo upande wa pili utalisemea. Chora mstari huo kwenye karatasi, uweke chini ya kila mwaka kile ulicho nacho. Kwa familia yetu: barua ya 1994, risiti za mawe na saruji za 1995, vyeti vya kuzaliwa vya watoto vinavyotaja kijiji, kaburi la 2003 na kibali cha mazishi, bili za umeme tangu siku waya ulipoingia.

Miti ni shahidi mzuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Afisa wa kilimo anaweza kuja kukagua, akaandika ripoti ya idadi ya miti na umri wake wa kukadiria. Mwembe wa miaka ishirini na kitu ndani ya ua wako hauwezi kuwa ulipandwa na kampuni iliyonunua mwaka 2019. Picha za zamani za angani na za setilaiti husaidia kwa njia hiyohiyo, ilimradi mtu aliyezitoa kwenye kompyuta aandike cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kwani bila cheti hicho zinaweza kukataliwa.

Barua ya chifu ilete, lakini usiitegemee peke yake. Chifu aliyeteuliwa mwaka 2016 hawezi kushuhudia mambo ya 1994, na jambo hilo hujitokeza swali la kwanza tu anapohojiwa. Afadhali majirani wawili wazee wanaopakana nawe, wasio na dai la namna hiyo wao wenyewe, wanaokumbuka nani alijenga ua na nani alikuja kuuliza.

Hatua ya tano: andika madai

Dai linafunguliwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya eneo husika. Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010, Agizo la 37, kanuni ya 7, zinataka liletwe kwa samansi ya kuanzisha kesi, likiungwa mkono na hati ya kiapo ambayo imeambatishwa dondoo iliyothibitishwa ya hati ya ardhi. Kuikosa dondoo hiyo kumeangusha madai ambayo mengine yote yalikuwa sawa. Ukishtakiwa wewe kwanza, unaweza kulileta dai hilo ndani ya utetezi na dai la kupinga; Mahakama ya Rufaa imelikubali.

Mdaiwa ni yule ambaye jina lake liko kwenye rejista leo. Akiwa amefariki, mshtakiwe msimamizi wa mirathi yake, kwa maana kesi dhidi ya marehemu ni batili tangu siku ya kwanza. Asipokuwapo msimamizi, ni lazima kwanza apatikane mtu wa kuusimamia urithi kwa ajili ya kesi hiyo, kupitia mahakama ya mirathi.

Samansi huuliza maswali ambayo jaji atayajibu: je, mdai ameikalia sehemu ya eka 2.9 iliyoonyeshwa kwenye mchoro, waziwazi, peke yake na bila kukatizwa, kwa zaidi ya miaka 12. Je, haki ya mwenye hati ya kuirudisha imekoma. Je, mdai anastahili kusajiliwa. Hati ya kiapo ndiyo inayobeba uzito. Isiseme tu kwamba ukaaji ulikuwa wa wazi na mfululizo, kwa kuwa hayo ni maneno ya sheria na jaji anataka matendo. Aya ya mjane wetu ingeweza kusomeka hivi, ingawa wakili ataiweka kwa Kiingereza na mjane ataelezwa maana yake kabla ya kuapa:

"Mnamo Agosti 1994 nilikuwapo nyumbani wakati mtoto wa mwenye hati alipomkabidhi marehemu mume wangu barua ya kututaka tuondoke. Mume wangu alimjibu mbele yangu kwamba hataondoka. Mwaka 1995 tulijenga nyumba ya mawe ya vyumba vinne na kuzungusha ua unaoonekana kutoka barabarani. Tangu siku ile hatujalipa kodi wala kupokea mshahara wala kuomba ruhusa ya mtu yeyote, na hakuna aliyetushtaki mpaka leo."

Angalia kwamba aya hiyo haisemi hati ya kampuni ni ya wizi. Umiliki kinzani huanza kwa kukubali kwamba mwenzako ana hati halali, na kwamba wewe umeishinda kwa muda. Mdai anayeapa katika aya ya tano kwamba hati ni ya kughushi, na katika aya ya tisa kwamba ameipata kwa muda, anajipinga mwenyewe. Ikiwa unaamini kweli kwamba kuna udanganyifu, hiyo ni kesi nyingine yenye ushahidi mwingine, na uamuzi wa ipi ifunguliwe ufanywe mapema pamoja na wakili.

Katika maombi usiishie kwenye tamko la umiliki. Omba mdaiwa aamriwe kutia saini hati za kugawa na kuhamisha eka 2.9, na akikataa naibu wa msajili wa mahakama azitie saini badala yake. Omba pia msajili wa ardhi aruhusiwe kuendelea bila hati ya awali, kwa sababu aliyeshindwa ni nadra kuileta. Wakati kesi ikisubiri, omba amri ya kuiacha hali ilivyo, ili ardhi isiuzwe tena wala nyumba zisibomolewe.

Hatua ya sita: siku ya kusikilizwa

Samansi ilikusudiwa kwa mambo yasiyo na ubishi mkubwa, lakini kesi hizi karibu zote zina ubishi, na kwa kawaida jaji huelekeza ushahidi utolewe kwa mdomo. Mjane atahojiwa kuhusu mwaka 1983. Asikane kwamba mumewe aliajiriwa. Aseme ndiyo, kisha aeleze barua na jibu la mumewe. Mashahidi wasifundishwe kusema maneno yaleyale, kwani tofauti ndogo za kumbukumbu ni za kawaida kwa wazee, ilhali ufanano wa neno kwa neno huzua shaka.

Ombeni mahakama itembelee eneo. Jaji au msajili anapouona ua, makaburi na miti kwa macho yake, mchoro wa savea hupata uhai. Msisafishe kichaka upya wala kusogeza ua kabla ya ziara hiyo. Majani mabichi yaliyokatwa na nguzo mpya huonekana.

Baada ya hukumu

Aliyeshindwa ana siku 14 za kuwasilisha notisi ya rufaa, na anaweza kuomba utekelezaji usimamishwe. Kama hakuna zuio, chukua amri iliyotiwa muhuri, ipeleke kwa savea aandae fomu za mgawanyo, kisha kwa msajili wa ardhi. Hati mpya ikitoka, linganisha nambari, ukubwa na majina na yale yaliyo kwenye amri kabla ya kuondoka kwenye dirisha la ofisi, kisha savea arudi shambani aweke mawe ya mpaka mbele ya majirani.